Zamu ya Maji

Mama aliacha neno moja, na alilisema mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa kanisa ili lisije likageuzwa: kihamba, shamba letu la nyumbani, nusu kwa nusu, Elia na Aika. Baba mdogo hajalimeza mpaka leo. Kwetu Marangu binti huolewa akaenda zake, na nyumba ya wazazi huachiwa kitinda mimba wa kiume. Bahati mbaya ya ukoo, kitinda mimba ni mimi.

Kaka Elia alirudi kutoka Dar mwezi mmoja baada ya mazishi, futi kamba ya fundi mfukoni.

"Tusigombane," alisema. "Wewe kata, mimi nichague."

Wazee wakamsifu kwa busara. Mimi nikalala macho, napiga hesabu.

Kihamba chetu ni ekari moja na ushee, chembamba, kinateremka kutoka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, hadi barabarani. Juu kuna nyumba, makaburi, migomba ya mshare na kahawa aliyoipanda babu. Imezeeka, lakini nikiikata vichipukizi vizuri bado inazaa. Chini ni mahindi na maharage tu. Ila tangu barabara iwekwe lami, haipiti wiki bila dalali kusimama pale na kuniuliza kama mwenye shamba yupo. Nikimwambia ni mimi, anacheka, kisha anauliza tena.

Mtu wa Dar angetaka nini kama si barabara? Asubuhi nilipoonyesha mpaka, niliupandisha juu kabisa, ukapita nyuma tu ya zizi. Sehemu ya chini ikawa nono, ya juu ikabaki kiduchu.

Baba mdogo alikata masale ya kupanda mpakani kwa panga, kila kipande urefu wa mkono, ncha moja akaichonga mshazari. Akachomeka cha kwanza, akashindilia udongo kwa kisigino huku akinung'unika Kichaga kitu kuhusu wanawake. Elia akapima kwa futi kamba, akarudia.

"Chini kumezidi sana, Aika."

"Chini hakufiki maji vizuri, kaka. Ni fidia."

Alinitazama kitambo. Ndivyo alivyokuwa akinitazama utotoni nikimwapia kwamba sijagusa sukari, chembe zimenijaa kidevuni.

"Nachukua juu," akasema.

Nikadhani ametania. Akakaa kwenye jiwe la kusafishia miguu, akavua kofia, na nikaona jinsi nywele zilivyomwisha. Kumbe kazini walishampunguza tangu mwaka jana. Nyumba ya Kimara imeshikwa na benki, na shemeji yuko kwao Singida na watoto. Haya yote mama alikufa hajayasikia, na mimi niliyekuwa nikimtumia ndizi kwa basi kila Krismasi sikuyasikia pia.

"Ninarudi nyumbani," akasema. "Wewe una barabara. Uza kipande, ujenge. Mpaka hapo kaa tu humu ndani, hakuna atakayekufukuza."

Kaa tu humu ndani! Bati la jikoni nimelibadilisha mimi. Mama nimemgeuza kitandani mimi, miezi yote ile, chumba kile cha mbele. Nilimhurumia Elia, ni kweli, na papo hapo nikatamani kumrushia lile panga. Yote mawili yalinikaa kifuani bila kusukumana.

"Umekata mwenyewe, binti," baba mdogo alisema kwa furaha isiyofichika. "Amechagua. Umekubali?"

"Nimekubali. Ardhi imegawanyika." Nikafuta mikono kwenye kanga. "Sasa tugawane maji."

Wakanyamaza. Mzee wa mfongo, aliyekuja kama shahidi na kwa ajili ya mbege, ndiye aliyekohoa kwanza. Zamu yetu ni Jumanne na Ijumaa, alfajiri mpaka saa tatu, na kwenye daftari la mfongo imeandikwa kwa jina langu. Maji hayamfuati mwenye kihamba. Yanamfuata anayetoka na jembe siku ya kuzibua. Baba alipokufa nilitoka mimi, masika kwa masika, matope magotini, na wanaume walipochoka kunicheka wakaniandika.

"Ni kweli," mzee akasema. "Ni zake."

Elia akatazama migomba yake mipya, na kahawa. Anajua Januari ilivyo huku.

"Lakini lazima yapite kwangu kuja kwako," akasema taratibu.

"Ndiyo maana tunaongea."

"Unataka nini, Aika?"

"Nyumba, na mistari mitatu ya kahawa iliyo karibu nayo. Wewe chukua kipande cha barabara unachokitaka, ujenge. Jumanne yako, Ijumaa yangu."

"Mistari miwili."

"Mitatu. Na siku ya kuzibua unatoka na jembe lako mwenyewe."

Baba mdogo akaanza kung'oa isale lake la kwanza, akilaani.