Vyakula na Bei: Mkahawa wa Karibu na Mpaka, Busia

Karibuni. Bei zote ni shilingi za Uganda. Weka kidole kwenye jina la chakula, ufuate nukta mpaka mwisho: bei unayoikuta hapo ndiyo utakayolipa. Karatasi yetu ya zamani haikuwa na nukta. Mteja alisoma bei ya maharage kwenye mstari wa mbuzi, tukabishana kaunta mpaka chakula kikapoa. Kosa lilikuwa letu.

ASUBUHI, saa 12 mpaka saa 4

Chai ya maziwa, kikombe ................ 1,500
Chai ya rangi, na tangawizi ............ 1,000
Kahawa ya Bugisu ....................... 3,000
Uji wa wimbi ........................... 1,500
Mandazi, moja ............................ 500
Chapati, moja .......................... 1,000
Katogo ya muhogo na maharage ........... 4,000
Katogo ya matoke na utumbo ............. 6,000

Katogo ni chakula na mchuzi vilivyopikwa pamoja. Ile ya utumbo inapikwa sufuria moja tu kwa siku. Madereva wa malori wanaijua, kwa hiyo ukifika saa 3 usitulaumu.

CHAPATI ZA KIKAANGO, siku nzima

Roleksi, mayai mawili .................. 3,000
Roleksi, chapati 2 mayai 3 ............. 5,000
Kikomando .............................. 2,500

Kwa mgeni aliyevuka mpaka leo: roleksi ni chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga yenye nyanya, kitunguu na kabichi. Kikomando ni chapati mbili zilizokatwakatwa na kumwagiwa maharage, chakula cha mwanafunzi na cha bodaboda. Pilipili ipo mezani, jiwekee mwenyewe.

MCHANA, kuanzia saa 6

Hapa bei ni ya mchuzi. Ukishachagua mchuzi, chakula kinakuja nao bila kuongeza senti: matoke, posho, wali, kalo, viazi vitamu, muhogo na malenge. Posho ndio ugali wa mahindi, kalo ndio ugali wa wimbi. Taja unavyotaka, au sema "mchanganyiko" upakuliwe kidogo kidogo vyote.

Maharage ............................... 5,000
Mchuzi wa karanga ...................... 6,000
Mukene, wa kukaanga au mchuzi .......... 6,000
Malewa kwa karanga ..................... 8,000
Karanga na samaki mkavu ................ 9,000
Nyama ya ng'ombe ....................... 9,000
Mbuzi ................................. 12,000
Kuku wa kienyeji, kipande ............. 15,000
Luwombo ya kuku ....................... 25,000
Pilau ya nyama, Ijumaa tu ............. 10,000

Mukene ndio dagaa wa ziwani. Malewa ni machipukizi ya mianzi kutoka miteremko ya Mlima Elgoni, yaliyokaushwa kwa moshi. Tunayaroweka, tunayachemsha, ndipo yanaingia kwenye karanga. Harufu ya moshi haitoki, na haifai itoke. Aliyezaliwa Mbale hahitaji maelezo haya.

Luwombo iagize jana yake. Jani la mgomba linababuliwa motoni lilainike, kuku na mchuzi wanafungwa ndani, kifurushi kinapikwa kwa mvuke taratibu. Kinafunguliwa mezani mbele yako, na ule mvuke wa kwanza ni wako, si wa mpishi. Anayekuja saa 7 na haraka zake, nyama ya ng'ombe iko tayari.

SAMAKI WA ZIWA VIKTORIA

Sangara, kipande ...................... 15,000
Sato mzima, mdogo ..................... 20,000
Sato mzima, mkubwa .................... 30,000

Sato ndiye ngege, sangara ndiye mputa. Njoo jikoni umchague mwenyewe kabla hajaingia mafutani. Akishakaangwa, mdogo hawezi kurudi kuwa mkubwa. Subiri dakika 30.

NYONGEZA

Kachumbari .............................. bure
Parachichi, nusu ....................... 1,000
Wali au kalo, mara ya pili ............. 1,000
Nsenene, sahani ........................ uliza

Huu ndio mstari pekee ambao nukta zake haziishii kwenye bei. Nsenene ni panzi wa kuliwa, hupatikana zaidi mwezi wa Novemba, na bei ya sokoni asubuhi si ya jioni.

VINYWAJI

Maji, nusu lita ........................ 1,000
Soda ya chupa .......................... 2,000
Bushera, kinywaji cha nafaka ........... 2,000
Juisi ya pasheni ....................... 3,000

Nyama yetu yote ni halali. Pombe na nguruwe hatuuzi. Shilingi za Kenya tunapokea kwa kiwango cha siku, kimeandikwa kwa chaki ukutani nyuma ya kaunta. Chenji utapewa ya Uganda. Kulipa kwa simu pia ni sawa, ila onyesha ujumbe kabla ya kuondoka. Chakula cha kubeba, ongeza 500 ya kopo, au njoo na bakuli lako.