Bahasha za Kaki

Baba, asubuhi hii ya Julai, umande ungali majanini na upepo haujaamka,
nimekwisha kujitwika mashine ya salfa mgongoni,
kwa sababu ugonjwa wa ubwiriunga hausubiri watu wamalize mazungumzo yao,
nawe umekitoa kigoda hadi chini ya mkorosho wa kwanza, ule wa kando ya njia iendayo Nanyamba,
ukaketi kama mgeni anayeogopa kuulizwa atakaa siku ngapi.

Nakiri kwamba mikorosho hii uliipanda wewe.
Nakiri kwamba karani wa chama cha msingi aliponitaka nitaje jina kamili,
nilimtajia langu, kisha la mjomba,
na kila msimu, gunia zangu zinapoingia ghalani, huingia kwa jina lisilo lako.

Nakiri pia kwamba nilikutetea, ingawa hukuniomba.
Watoto wenzangu walipouliza uliko, niliwaambia kuwa Rufiji imefurika,
kwamba pantoni la Ndundu limesimama, mabasi yamezama matopeni,
na abiria wanapika uji kando ya magurudumu wakisubiri maji yapungue;
na kwa kuwa masika ilikuja kila mwaka, uongo wangu ulipata shahidi kila mwaka.
Kisha Daraja la Mkapa likafunguliwa, mwaka 2003,
watu wa Kusini wakashangilia, na mimi, mtoto wa darasa la sita, nikanuna peke yangu,
maana tangu siku hiyo sikuwa tena na mto wa kuusingizia.

Kwetu, unajua, mtoto ni wa upande wa mama.
Mjomba ndiye aliyenishika mkono kwenda jandoni,
ndiye aliyekesha karibu na kumbi niliposhikwa na homa,
ndiye aliyeninunulia shati jeupe la siku ya kutoka,
na watu wote walimsifu, wala hapana aliyeuliza fedha ya shati ilitoka wapi.
Sitasema zaidi kuhusu shati.

Mama hakukusema vibaya.
Aliteremka bondeni alfajiri kutafuta maji, akapanda na ndoo kichwani,
na nilipomuuliza habari zako alijibu, "Baba yako ana kazi nyingi,"
kwa sauti ya mtu anayepunguza utambi wa taa ili mafuta yafike asubuhi.

Mjomba alipofariki, siku ya pili baada ya khitma, niliambiwa nilifungue sanduku lake la bati.
Chini ya kanzu, chini ya risiti za korosho zilizofifia,
nilizikuta bahasha za kaki zilizokunjwa mara mbili, tupu,
kila moja ina jina la mama kwa mwandiko unaolalia kushoto,
na pembeni, kwa herufi ndogo, namba ya basi na jina la konda.
Sikuzihesabu.
Mama alikuwa hai bado, Baba. Alikuwa uani akipepeta choroko,
hatua kumi tu kutoka mlangoni, akaniuliza kama nimeona kitu cha maana.
Nikamjibu kwamba ni makaratasi.
Aliishi miaka mitatu zaidi, na kila siku ya miaka hiyo ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Jana usiku, tulipomaliza ugali wa muhogo, uliyatazama magamba ya samaki kwenye sahani
ukaniuliza, "Mwanangu, zile nilizokuwa nampa konda, zilikuwa zinafika?"
Nikasema, "Zilifika."
Ukashusha pumzi, mabega yako yakalegea, ukaomba maji ya kunawa.
Neno hilo nimelipima usiku kucha kama gunia juu ya mizani,
na sijaona karani atakayesema limepungua hata kilo.

Lakini usidhani kwamba nimekusamehe kwa sababu nilizikuta.
Bahasha kumi na saba kwa miaka kumi na minane haziwezi kumfundisha mtoto kupanda mti,
na konda hawezi kuulizwa kwa nini baba hakupanda yeye mwenyewe kwenye basi lile lile,
akakaa kiti cha dirishani, akashuka hapa, penye vumbi, na bahasha mkononi.
Hili ningeweza kulisema. Hili si gumu.

Sasa umekisogeza kigoda karibu, mkono umeuweka juu ya gome la mkorosho,
na bila kunitazama unaniuliza, taratibu, kama mtu anayejua jibu na analitamani,
"Na mama yako, zikifika, alikuwa anasemaje?"

Nimekifunga kitambaa puani na mdomoni, nikakaza fundo kisogoni.
Nimeivuta kamba ya mashine mara moja, mara mbili, hata ikanguruma,
na vumbi la njano limepanda kwenye maua.
Fumba macho, Baba. Salfa inawasha.