Kozi mpya: maandalizi ya mtihani wa udereva, Tanga

Kuanzia Jumatatu: wiki 2, saa 1 kwa siku, wanafunzi 3 tu kwa gari, gia za mkono. Ni kwa mwenye leseni ya kujifunzia ambaye tayari anaweza kuliondoa gari. Anayeanza sifuri, kozi yetu ya kawaida bado ipo.

Muda mwingi tutaupeleka kwenye kupanda mlima, maana hapo ndipo gari linapozima. Mguu unaachia klachi ghafla, hendibreki ikiwa bado juu, au inashushwa mapema na gari linarudi nyuma. Utapandisha klachi polepole hadi boneti inyanyuke kidogo, uongeze mafuta, ndipo ushushe hendibreki. Tena na tena, mpaka mguu uzoee.

Kurudi nyuma kati ya koni, alama za barabarani, vioo na indiketa kabla ya kuhama njia. Na baiskeli! Tanga hii, usipotazama kioo cha kushoto kabla ya kukata kona, utamgonga mtu.

Kufaulu hatukuahidi, anayepima ni askari wa usalama barabarani, si sisi. Anayekuuzia "uhakika", muulize anauuzaje.

Zamu: saa 12 asubuhi au saa 11 jioni. Tuandikie inboksi.