Baridi Inaaga, Makoti Yanahama

Juzi mteja wetu mmoja alipanda ngazi akiwa amevaa koti, akafika juu amelibeba mkononi. Kila mwaka hiyo ndiyo kalenda yetu. Julai ya Nairobi imekwisha, jua la saa saba limeanza kuuma, na katikati ya Septemba magauni ya pamba na mashati ya kitani yanaingia. Henga ni zile zile. Lazima mtu ahame.

Kwa hiyo kuanzia Alhamisi tarehe 27 Agosti hadi Jumamosi tarehe 12 Septemba, nguo za baridi zilizobaki zinauzwa kwa bei iliyopunguzwa. Lebo ya zamani hatujaibandua. Tumepiga mstari kwa kalamu na kuandika bei mpya kando, ujionee mwenyewe ilikuwa ngapi na imekuwa ngapi.

Tuanze na makoti ya sufu, maana ndiyo tunayoyaonea uchungu kidogo. Yamebaki 14: meusi tisa na ya kijivu matano, saizi 10 hadi 16. Ligeuze ndani nje kabla hujauliza bei. Bitana imeshonwa hadi kwenye mikono, mifuko ni ya kweli (simu inaingia yote), na kifungo cha akiba kimeshonewa kwenye pindo la ndani, upande wa kushoto. Lilikuwa shilingi 5,800, sasa ni 4,200. Anayetoka Limuru saa kumi na moja alfajiri kuja kazini mjini hahitaji kuelezwa kwamba baridi haimalizwi na kalenda.

Halafu kuna kadigani za rangi ya haradali. Hizi ni 31, na sababu ni moja tu: aliyeagiza aliipenda rangi kuliko wateja. Kadigani yenyewe haina kasoro. Imefumwa kwa uzi mzito, haivutiki kwenye kiwiko, na juu ya gauni jeusi au jinzi inapendeza sana. Nyeusi na za maruni ziliisha wiki ya pili ya Julai, kwa hivyo tafadhali usituulize. Haradali ilikuwa 2,400, sasa ni 1,500. Dada wa kaunta amenunua yake, na hakulazimishwa.

Suruali za kodroi za wanaume zimetoka 2,800 hadi 2,000, ila kiuno 32 na 34 zimekwisha. Zilizopo ni 30, 36 na 38. Ikiwa ndefu, fundi aliye ghorofa ya juu anaikata ukisubiri, na malipo yake ni juu yetu hadi mwisho wa punguzo. Hudi za watoto, miaka 4 hadi 9, ni 1,100 kutoka 1,600. Mnunulie kubwa kidogo, Juni ijayo itamkaa sawasawa. Skafu na kofia za kufuma ziko kwenye kikapu karibu na mlango, 300 moja.

Jaketi za mvua hazimo. Vuli inabisha Oktoba na bei yake inabaki pale pale. Sweta za shule pia hazimo, hizo tunaziuza mwaka mzima.

Tunajua Gikomba utapata sweta kwa mia mbili, na ukiwa na jicho na subira utapata nzuri kweli. Hapa nguo ni mpya, muundo mmoja una saizi kadhaa, na unaijaribu mbele ya kioo chenye taa.

Bei ni ile iliyoandikwa. Lakini anayechukua tatu na zaidi, njoo kaunta utuongelee, hatuna roho ngumu. Saizi ikikukataa, irudishe ndani ya siku saba ikiwa na lebo na risiti, ubadilishe kwa nguo yoyote ya thamani hiyo. Pesa taslimu haturudishi kwa nguo za punguzo, na tunakuambia sasa ili tusije tukazozana baadaye. Umeona koti na mshahara bado? Lipa nusu, tunakuwekea hadi siku ya mwisho ya punguzo.

Tuko Mtaa wa Biashara, ghorofa ya kwanza, karibu na makutano ya Muindi Mbingu. Ukitokea Bustani ya Jeevanjee ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ngazi ziko kati ya duka la leso na duka la nguo za watoto wachanga. Tunafungua saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Malipo ni kwa M-Pesa, kadi au taslimu. Ukitaka kujaribu kwa utulivu, njoo kabla ya saa sita. Chumba cha kujaribia ni kimoja, na Jumamosi mchana foleni yake hufika kwenye ngazi.