Barua kwa wazazi na walezi wa Darasa la Tano B: kazi za nyumbani sasa kuja kwa PDF

Ijumaa, tarehe 6 Februari 2026

Kwa wazazi na walezi wote,
Darasa la Tano B.

YAH: KAZI ZA NYUMBANI KULETWA KWA FAILI LA PDF

Natumaini barua hii inawakuta salama, nyinyi na watoto.

Kuanzia Ijumaa ijayo, tarehe 13 Februari, kazi za nyumbani za wiki nzima zitakuja kwa mkupuo mmoja, ndani ya faili moja la PDF, kupitia kundi letu la WhatsApp. Zile picha za ubao nilizokuwa nikiwarushia kila jioni zinakoma. Watoto wataendelea kuandika kwa mkono kwenye daftari lilelile, na daftari litaendelea kuletwa kwangu. Kinachobadilika ni namna maswali yanavyofika nyumbani, basi.

Sababu ninawapa bila kuficha, maana kosa lilikuwa langu. Mwezi uliopita nilituma picha ya swali la kamba: kamba ina urefu wa mita 12.5, imekatwa vipande 5 vilivyo sawa, kila kipande kina urefu gani? Kivuli cha bega langu kiliangukia ubaoni na ile nukta ikamezwa. Kesho yake watoto 11 walikuja na jibu la mita 25. Kugawanya wamegawanya vizuri kabisa, 125 kwa 5. Mmoja wao alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: "Mwalimu, hii kamba ni ndefu sana." Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mtoto alihisi kuna kasoro kwenye swali kabla yangu mimi niliyeliandika.

Tena picha inapopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora ili iwe nyepesi, kwa hiyo hata ile iliyotoka safi kwangu huweza kuwafikia ikiwa na ukungu. Na hata ikifika safi, inazama chini ya salamu za asubuhi na pongezi za siku za kuzaliwa. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza saa nne usiku picha ya hesabu iko wapi, na mimi mwenyewe nikapandisha kundi lote nikiitafuta. PDF haina shida hizo. Ukurasa unabaki kama nilivyoupanga, nukta mahali pake na sehemu mahali pake, simu iwe kubwa au ndogo, ya zamani au mpya. Maandishi yakiwa madogo, kuzeni kwa vidole viwili, herufi hazitafifia.

Kila Ijumaa saa kumi jioni nitatuma faili lenye kurasa 6. Ukurasa wa kwanza ni ratiba: kazi ipi ifanywe siku gani, na ni ya muda gani. Hakuna siku itakayozidi dakika 40. Mtoto akizidisha hapo huku anahangaika, mwacheni afunge daftari, nanyi mniandikie mstari mmoja chini ya kazi kwamba alikwama hapo. Ukurasa wa 2 na wa 3 ni hesabu, wa 4 ni habari fupi ya kusoma na maswali yake, wa 5 ni sayansi. Ukurasa wa 6 ni wenu wazazi. Hapo nitaeleza kwa maneno machache njia tuliyotumia darasani, ili mtoto asipewe njia mbili tofauti kwa wakati mmoja. Najua wengi wetu tulifundishwa kugawanya kwa mtindo mwingine, na mtindo huo si kosa. Ila mtoto akishauelewa wa darasani kwanza, wa nyumbani atauona kama njia ya mkato badala ya kuuona kama ubishi kati ya mwalimu na baba.

Nimechagua Ijumaa kwa makusudi. Katika nyumba nyingi simu ni moja, inatoka alfajiri na mwenyewe na kurudi usiku mtoto ameshalala. Faili likifika Ijumaa, mtoto anaweza kuketi na simu Jumamosi au Jumapili, akanakili maswali ya wiki nzima kwenye daftari, na siku zilizobaki hana haja ya simu kabisa. Kunakili huko si adhabu. Nimepunguza maneno ya maswali ili yanakilike upesi, na mtoto anayenakili swali kwa makini tayari ameanza kulijibu. Kazi za wiki zote hukusanywa Ijumaa inayofuata asubuhi. Majibu sahihi nitayatuma jioni yake, pamoja na kifurushi kipya.

Sasa kuhusu kuchapisha. Tafadhali msione kwamba ni lazima. Sitaki kusikia kuna mzazi aliyekwenda steshenari kila wiki kulipia kurasa 6, moja ikiwa ni ratiba tu. Maswali yanasomeka kwenye skrini na majibu yanaandikwa kwenye daftari. Mwenye printa na anayetaka kuchapisha, achape ukurasa wa 2 hadi wa 5 kwa wino mweusi. Hakuna swali linalotegemea rangi.

Jambo moja tu la kuangalia, nalo ni kwenye ukurasa wa 3, pale penye kazi za kupima kwa rula. Printa nyingi zikiachiwa hupunguza ukurasa kidogo ili uingie vizuri kwenye karatasi, na hapo mstari wa sentimita 10 unatoka na upungufu. Mtoto atapima kwa uaminifu na kupata jibu la kukosa. Kabla ya kuchapa, chagueni "Actual size" au asilimia 100, msichague "Fit". Chini ya ukurasa huo nimechora mstari wa sentimita 10 kamili. Wekeni rula juu yake kwanza: ukiwa sawa, karatasi ni nzima, ukiwa pungufu, chapeni upya. Kwa wanaotumia simu, kupima kwenye skrini hakuna maana, kwa sababu mchoro unakua na kupungua kila unapoguswa. Ndiyo maana kila swali la kupima lina maelezo ya kumwezesha mtoto kuuchora mstari mwenyewe kwenye daftari.

Likifika kundini, liguseni faili mara moja mkiwa na bando ili lipakuliwe. Nitahakikisha halizidi MB 2. Likishapakuliwa linafunguka bila intaneti, hata bando likiisha. Simu janja nyingi hufungua PDF bila kuongezewa chochote. Ikigoma, njooni nayo tuitazame pamoja. Majina ya mafaili yatakuwa hivi:

```
D5B_Wiki05.pdf
D5B_Wiki06.pdf
```

Sifuri iliyo mbele ya 5 nimeiweka kwa sababu. Bila hiyo, baadhi ya simu na kompyuta hupanga wiki ya 10 kabla ya wiki ya 5, na mtoto anaweza kufanya kazi ambayo hatujaifundisha bado. Msibadilishe jina, na msifute mafaili ya zamani mpaka muhula uishe, kwani tutayarudia wakati wa marudio.

Nisisitize kidogo hapa. Kazi za nyumbani zitatumwa na mimi tu, kwa namba yangu ambayo tayari mnayo, na jina litaishia na .pdf siku zote. Mkiona kitu kinaitwa kazi ya nyumbani lakini kinaishia na .apk, au kinawaomba nywila, namba ya siri au malipo, msikifungue hata kama kimeletwa na mtu mnayemfahamu. Nipigieni kwanza. Kazi ya darasa la tano haina nywila.

Picha za majibu msinitumie. Nimepokea picha za daftari kutoka kila pembe, nyingine ikiwa imelala ubavu na kidole gumba kimefunika swali la tatu, na sitaki kusahihisha hivyo tena. Nataka kuliona daftari lenyewe, pamoja na mahali mtoto alipofuta mara mbili, kwa kuwa alama za kufuta hunieleza mengi kuliko jibu. Mtoto mgonjwa aliyebaki nyumbani ndiye pekee anayeruhusiwa kutuma picha.

Kwa familia zisizo na simu janja, au zenye simu isiyo na nafasi, au ambazo kwa sababu yoyote hazipendi mtoto ashike simu: nakala ya karatasi ipo. Nitaichapa mwenyewe na kuiweka ndani ya bahasha ya kaki kila Ijumaa. Bahasha za kaki nitawapa watoto wote wa darasa, nyingine zikiwa na tangazo la wiki tu, kwa hiyo hakuna atakayejua ya nani ina nini. Sitauliza sababu. Maswali ni yaleyale na kurasa ni zilezile.

Ninachoomba kutoka kwenu ni neno moja. Kabla ya Jumatano tarehe 11 Februari, andikeni kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la kazi za nyumbani ama "Simu" ama "Karatasi", na mweke sahihi. Asiyeandika chochote nitamwekea karatasi, maana ni afadhali mtoto awe na nakala mbili kuliko kukosa kabisa. Mkibadili mawazo katikati ya muhula, andikeni tena.

Leo jioni nitatuma faili la majaribio la ukurasa mmoja, `D5B_Majaribio.pdf`. Ndani yake kuna sentensi moja. Mtoto ainakili kwenye daftari, nami nitaitazama Jumatatu asubuhi. Ambaye faili halikufunguka aje na karatasi yenye maneno "haikufunguka" na aina ya simu, tutatafuta njia kabla ya Ijumaa. Kwa wasio na simu janja, nitawasomea watoto sentensi hiyo darasani Jumatatu, kwa hiyo wasiwe na wasiwasi.

Napatikana shuleni Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu alasiri, darasani kwetu. Kwa simu, tafadhali kabla ya saa mbili usiku.

Ahsanteni kwa ushirikiano wenu.

Wenu katika malezi,

Mwalimu wa darasa,
Darasa la Tano B

N.B. Ile kamba ilikuwa na vipande vya mita 2.5. Wote 11 nimewapa alama zao.