Ombi la Kuhamisha Siku 11 za Likizo kutoka Mwaka 2025 hadi 2026

Mwanaisha Bakari Omar
Karani Mwandamizi, Kitengo cha Nyaraka za Forodha
Ofisi ya Mombasa

8 Desemba 2025

Kwa Meneja wa Rasilimali Watu
Ofisi ya Mombasa

Kupitia kwa Msimamizi wa Kitengo cha Nyaraka

Bwana Meneja,

KUH: KUHAMISHA SIKU 11 ZA LIKIZO YA MWAKA 2025

Naomba siku 11 za likizo yangu ya mwaka huu zihamishiwe mwaka 2026, badala ya kufutwa tarehe 31 Desemba kama ulivyo utaratibu wetu. Katika siku 21 ninazostahili nilichukua 10, kuanzia tarehe 5 hadi 16 Mei. Zilizobaki niliziomba mara mbili kwa wakati wake, na mara zote mbili nilizuiwa na kazi.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeidhinishiwa kupumzika kuanzia tarehe 15 hadi 29 Septemba. Nilikusudia kwenda Lamu kukaa na mama na kuhudhuria Maulidi pamoja naye, na nauli ya basi nilikuwa nimeshalipa. Tarehe 11 msimamizi aliniita akanieleza kwamba haiwezekani. Mwenzangu wa dawati la mizigo ya Uganda na Rwanda alikuwa katika likizo ya uzazi tangu mapema Agosti, na mimi ndiye niliyekuwa nikishika dawati lake pamoja na langu. Likizo yake ni haki yake na nilimpokea kazi kwa moyo mkunjufu. Ila hakuletwa mtu wa kushika nafasi hiyo kwa miezi yote mitatu.

Mara ya pili tulikubaliana tarehe 10 hadi 24 Novemba, maana mwenzangu angekuwa amerudi. Alirudi kweli, lakini wiki hiyohiyo karani wetu wa tatu alihamishiwa Nairobi, na tukabaki wawili kwa kazi ya watu watatu. Msimamizi aliniomba nisubiri, nami nikakubali. Wewe waijua kazi yetu: kontena zikishashushwa kutoka melini Kilindini, siku za bure za kuhifadhi kontena bandarini huanza kuhesabiwa. Hati ya shehena ikikosewa au tamko la forodha likichelewa kuingizwa, mteja hutozwa kwa kila siku na kwa kila kontena, na lawama huja kwetu. Nisingeweza kumwachia mtu mmoja mzigo huo.

Barua pepe za tarehe 11 Septemba na 6 Novemba, ambazo msimamizi aliniandikia kuahirisha likizo zote mbili, nimeziambatisha.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inataka sehemu moja ya likizo, isiyopungua wiki mbili za kazi mfululizo, ichukuliwe ndani ya mwaka wake. Hiyo niliimaliza mwezi wa Mei. Sehemu inayobaki, sheria inaruhusu ichukuliwe ndani ya miezi 18 baada ya mwaka huo kwisha. Mimi siombi muda mrefu kiasi hicho.

Napendekeza nizichukue siku zote 11 kwa pamoja, kuanzia Jumatatu tarehe 9 hadi Jumatatu tarehe 23 Machi 2026, nirudi kazini tarehe 24. Hilo litakuwa kumi la mwisho la Ramadhani pamoja na Idd, na mama ameshaambiwa kwamba nikijaliwa nitafunga naye. Iwapo Idd itaangukia siku ya kazi, siku hiyo isihesabiwe katika likizo yangu. Mwenzangu amekubali kushika dawati langu, naye atachukua yake mwezi wa Aprili nami nishike lake. Wiki moja kabla ya kuondoka nitamkabidhi orodha ya mizigo yote iliyo wazi, hatua iliyofikia kila mmoja, na wateja wanaongoja majibu.

Sitaki kulipwa pesa badala ya siku hizi. Nahitaji kupumzika. Tarehe 19 Novemba, saa mbili usiku nikiwa bado ofisini, niliingiza uzito wa kontena moja kwenye tamko la kontena jingine. Nililiona kosa kabla ya kulituma, nikarekebisha. Katika miaka sita niliyofanya kazi hapa halijapata kunitokea, na lilinitia hofu.

Naomba nipate jibu la maandishi kufikia Ijumaa tarehe 19 Desemba, kabla hesabu za likizo za mwaka huu hazijafungwa. Kama tarehe za Machi zina tatizo, niko tayari kukaa nawe na msimamizi tutafute nyingine, mradi isipite mwisho wa Juni 2026.

Wako mtiifu,

Mwanaisha Bakari Omar

Nakala: Msimamizi wa Kitengo cha Nyaraka
Viambatisho: barua pepe 2; fomu za likizo zilizoidhinishwa za Septemba na Novemba