Utambi

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na ilipofika saa 4 usiku wauzaji wengi wa Barabara ya 12, Ngamiani, walikuwa wamekwisha kufunika meza zao kwa maturubai na kwenda zao. Katika giza lote lile ilibaki taa moja tu, chemni ya bibi yangu, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa uliozibwa kwa karatasi na gundi ya unga wa ngano, hata mwanga wake ukaanguka mezani ukiwa na mstari mweusi katikati.

Wateja wawili walikuja, na wote wawili aliwaambia kwamba mbaazi zimekwisha.

"Bibi, si bado lipo bakuli moja chini ya kawa?" nilimnong'oneza.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Hilo lina mwenyewe."

Mwenyewe alifika akikokota baiskeli kutoka Sahare, suruali ameikunja hadi magotini, na chumvi imemkaukia miguuni. Nilikuwa na miaka 11, na nilimjua vizuri. Mtaa mzima ulijua kwamba yule ndiye baba yake mama yangu, ingawa nyumbani kwetu jina lake halikutajwa, nami nilifundishwa kumwamkia kama ninavyomwamkia mzee yeyote apitaye njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo, Bi Mkubwa?"

"Sijambo. Habari za baharini?"

"Kusi kali. Tumepata vibua vichache tu."

Alikaa kwenye benchi akala taratibu, bila neno jingine. Mbaazi za bibi, niseme kwa heshima zote, hazikuwa bora kuliko za wenzake wa mtaa ule, kwani tui lake mara nyingi lilikuwa jepesi. Lakini mzee yule alifuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha andazi mpaka likang'aa. Alipolipa, bibi alimhesabia chenji yake yote, sarafu moja moja, akaiweka mezani badala ya kumtia mkononi.

Mzee hakuondoka mara moja. Aliitazama ile chemni, akainama, akakishika kwa vidole viwili kile kigurudumu kidogo cha pembeni na kukizungusha polepole, hata ulimi wa moto ukashuka na moshi uliokuwa ukipaka kioo weusi ukakatika.

"Siku zote unaupandisha mno," alisema. "Ndiyo maana kioo kilipasuka."

Bibi hakujibu. Mzee alipanda baiskeli yake akatokomea, na mlio wa mnyororo ukasikika kwa muda baada ya yeye mwenyewe kutoonekana tena.

Tulianza kukusanya vyombo. Mwanga ulikuwa hafifu, na kwa kuwa sikuweza kuona vijiko vilipo, nilinyoosha mkono niupandishe utambi. Bibi aliudaka mkono wangu hewani.

"Uache hivyo hivyo," alisema, akaendelea kutafuta vijiko kwa kupapasa.